Mzinga Haurinwi Mara Mbili

Kikundi cha wafugaji nyuki kina mizinga 40 porini. Mnunuzi ametuma ujumbe kwamba analeta gari wiki ijayo, naye anataka kujua mapema kuna kilo ngapi za asali, kwa sababu idadi ya ndoo na ukubwa wa gari vinategemea jibu hilo. Kurina mizinga yote kabla ya kumjibu haiwezekani, maana ni kazi ya usiku, ya moshi na ya kutembea mbali kati ya mti na mti. Wanachama wanakubaliana warine mizinga 16 kwanza, wapime asali yake, kisha wakadirie jumla ya yote 40.

Mfano huu nimeutunga, lakini hali yenyewe si ngeni kwa wafugaji wa Tabora au Manyoni. Nimeuchagua kwa sababu unalileta karibu jambo ambalo wanafunzi wengi wa takwimu hulikariri bila kuliona: tofauti ya kuchukua sampuli kwa kurudisha na kuchukua sampuli bila kurudisha.

Kila mzinga una namba. Namba hizo zinaandikwa kwenye vikaratasi 40, vinakunjwa na kutiwa kikapuni. Katibu anachomoa kimoja, anasoma namba na kuiandika daftarini. Sasa kikaratasi hicho akirudishe kikapuni kabla ya kuchomoa kingine, au akiweke kando? Akikirudisha, mzinga uleule unaweza kuchomolewa tena, na katika daftari kilo zake zitahesabiwa mara mbili, hata tatu. Akikiweka kando, kila mzinga utatokea mara moja tu au hautatokea kabisa. Ukiangalia kwa jicho la haraka utaona ni jambo dogo la utaratibu. Lakini ndilo linaloamua ni fomula ipi itapima ukubwa wa kosa, na kundi likiwa dogo, majibu ya fomula hizo mbili hupishana sana.

Ili tuone kwa nini, tupunguze kundi hadi mizinga mitano na tujifanye tunajua asali yote iliyomo: kilo 2, 4, 6, 8 na 10. Wastani ni kilo 6. Umbali wa kila mzinga kutoka kwenye wastani huo ni 4, 2, 0, 2 na 4. Tukiuzidisha kila umbali kwa wenyewe tunapata 16, 4, 0, 4 na 16, jumla 40. Tukigawanya kwa 5 tunapata 8. Hiyo 8 ndiyo varianzi ya kundi, kipimo cha jinsi mizinga inavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe. Wanatakwimu huiandika σ².

Sasa tuchomoe mizinga miwili, tupate wastani wake, na tuutumie kukadiria wastani wa yote mitano. Tukichomoa bila kurudisha, kuna jozi kumi tu zinazowezekana. Jozi ya 2 na 4 inatoa wastani wa 3, ya 2 na 6 inatoa 4, ya 2 na 8 inatoa 5, na kadhalika. Tukizipitia zote kwa mpangilio tunapata wastani wa 3, 4, 5, 6, 5, 6, 7, 7, 8 na 9. Wastani wa namba hizo kumi ni 6, yaani kura haiegemei upande wowote. Umbali wake kutoka 6, ukizidishwa kwa wenyewe na kujumlishwa, ni 30. Gawanya kwa 10 upate 3.

Tukichomoa kwa kurudisha, mambo yanayoweza kutokea yanakuwa 25, kwa kuwa mchomoo wa kwanza una nafasi tano na wa pili pia una tano. Zile jozi kumi za awali zimo humu, kila moja mara mbili, kwa sababu unaweza kuanza na 2 kisha 4, au 4 kisha 2. Hizo ni 20. Zinazobaki ni tano, ambapo mzinga mmoja umetokea mara mbili: 2 na 2, 4 na 4, 6 na 6, 8 na 8, 10 na 10. Wastani wake ni 2, 4, 6, 8 na 10. Zile 20 zinachangia 60 katika jumla ya miraba, nazo hizi tano peke yake zinachangia 40. Jumla ni 100, na 100 kwa 25 ni 4.

Hapo ndipo penye kiini chote cha habari. Varianzi ya makadirio ni 4 kwa njia ya kurudisha na 3 kwa njia ya kutorudisha, na tofauti yote imeletwa na zile jozi tano za marudio. Makadirio mabaya kuliko yote, yaani kilo 2 na kilo 10, hayawezi kutokea kwa njia nyingine isipokuwa mzinga mbaya kuliko yote au mzuri kuliko yote uchomolewe mara mbili. Ukizuia marudio, umezifunga njia hizo mbili.

Kuna namna nyingine ya kuliona jambo hili, nami naipenda zaidi kwa sababu inatuongoza moja kwa moja kwenye fomula. Chukua kura ya bila kurudisha na tuseme umeanza vibaya, umeupata mzinga wa kilo 2. Iliyobaki ni 4, 6, 8 na 10, ambayo wastani wake ni 7. Mchomoo wa pili sasa unaelekea juu kidogo na kuifidia bahati mbaya ya kwanza. Ukianza na mzinga wa kilo 10, iliyobaki ina wastani wa 5, na mchomoo wa pili unaelekea chini. Kila mchomoo unavutwa upande wa pili wa ule uliotangulia. Ukirudisha kikaratasi, mvuto huo haupo: kikapu hakikumbuki kilichotoka, na mchomoo wa pili unatarajiwa kuwa 6 hata kama wa kwanza ulikuwa 2.

Mvuto huo una kiasi chake, na kukipata si kazi ngumu. Tuseme kila jozi ya michomoo inapunguza varianzi ya jumla kwa kiasi fulani ambacho bado hatukijui. Sasa chomoa mizinga yote mitano bila kurudisha. Jumla ya kilo itakuwa 30 daima, haijalishi kipi kilitangulia, kwa hiyo varianzi ya jumla hiyo lazima iwe sifuri. Michomoo mitano, kila mmoja ukiwa na varianzi ya 8, inaleta 40. Kuna jozi 20 za michomoo, tukihesabu kila jozi kwa pande zote mbili. Ili 40 ifutwe na jozi 20, kila jozi lazima ichangie –2. Hiyo 2 ni 8 iliyogawanywa kwa 4, yaani varianzi ya kundi iliyogawanywa kwa idadi ya mizinga kasoro mmoja. Jaribu kwa sampuli yetu ya miwili: 8 jumlisha 8, toa 2 mara mbili, unapata 12. Hiyo ni varianzi ya jumla ya kilo za mizinga miwili. Varianzi ya wastani wake ni 12 kwa 4, nayo ni 3. Ndilo jibu lilelile tulilolipata kwa kuorodhesha jozi moja moja.

Sasa tuziandike fomula mbili za varianzi ya wastani wa sampuli, N ikiwa ukubwa wa kundi na n ukubwa wa sampuli. Kwa kurudisha:

σ² / n

Bila kurudisha:

(σ² / n) × (N − n) / (N − 1)

Tofauti ni lile tunda la mwisho, ambalo hapa nitaliita kipunguzo. Kwa mizinga mitano na sampuli ya miwili, kipunguzo ni 3 kwa 4, na 4 inakuwa 3. Ukichukua sampuli ya mzinga mmoja tu, kipunguzo ni 1 na fomula zinalingana, kama inavyopasa, kwani huwezi kurudia kitu ulichokichukua mara moja tu. Ukichukua yote, kipunguzo ni sifuri. Fomula ya kwanza haiufahamu ukweli huo. Kwake yeye, mtu aliyechomoa mara tano kwenye kundi la watano bado ana kosa, na kwa kurudisha ni kweli analo, maana huenda hata hajauona mzinga mmoja au miwili kati yake.

Hapa inafaa niseme jambo linalowapotosha watu wanaosoma vitabu viwili kwa wakati mmoja. Vitabu vingine huiandika fomula ya bila kurudisha hivi:

(S² / n) × (1 − n / N)

Kipunguzo kimebadilika sura, na kwa haraka mtu anaweza kudhani kitabu kimoja kimekosea. Vyote viko sawa. S² ni varianzi ya kundi iliyopatikana kwa kugawanya kwa N − 1 badala ya N. Kwa mizinga yetu, 40 kwa 4 ni 10. Basi 10 kwa 2 ni 5, na 5 mara 0.6 ni 3, lilelile jibu letu. Kosa linakuja pale unapochukua kipunguzo cha kitabu kimoja na varianzi ya kitabu kingine. Ukizidisha σ²/n kwa 1 − n/N unapata 2.4, na ukizidisha S²/n kwa (N − n)/(N − 1) unapata 3.75. Zote mbili si kweli. Kundi likiwa la maelfu makosa hayo hayaonekani, kwa sababu kugawanya kwa 5,000 au 4,999 ni mamoja. Kwenye kundi la watano yanaonekana, na kwenye darasa la 30 au kijiji cha kaya 60 bado yanaweza kukusumbua.

Porini hakuna anayeijua σ² wala S². Kilichopo ni sampuli, na kutoka kwenye sampuli hiyo mtu hukokotoa s²: anajumlisha miraba ya umbali kutoka kwenye wastani wa sampuli, kisha anagawanya kwa n − 1. Nimewahi kuona watu wakibishana kuhusu s² inakadiria kipi kati ya hizo mbili. Jibu linategemea kikaratasi kilirudishwa au la. Zikokotolee s² zile jozi kumi za bila kurudisha: jumla yake ni 100, na wastani wake ni 10, yaani S². Zikokotolee zile 25 za kurudisha, ambamo jozi tano za marudio zina s² ya sifuri: jumla ni 200, wastani ni 8, yaani σ². Hesabu moja kwenye daftari, lakini inalenga shabaha mbili kulingana na jinsi kura ilivyopigwa. Kwa bahati njema jambo hili linarahisisha kazi. Aliyerudisha atumie s²/n. Ambaye hakurudisha atumie (s²/n) × (1 − n/N). Hana haja ya kukumbuka kingine.

Turudi kwa wanachama wetu na mizinga yao 40. Wamechomoa vikaratasi 16 bila kurudisha, wamerina, wamepima. Kilo walizopata, nikizipanga kuanzia ndogo, ni 3, 3, 4, 6, 6, 7, 8, 9, 9, 10, 11, 12, 12, 14, 15 na 15. Jumla ni 144, na wastani ni kilo 9 kwa mzinga. Miraba ya umbali kutoka 9 inajumlika 240, na 240 kwa 15 ni 16. Hiyo ndiyo s². Makadirio ya asali yote ni 40 mara 9, yaani kilo 360.

Katibu akitumia fomula ya kurudisha, varianzi ya wastani ni 16 kwa 16, nayo ni 1. Kipeuo chake cha pili ni kilo 1 kwa mzinga, ambayo kwa mizinga 40 inakuwa kosa sanifu la kilo 40 kwenye jumla. Akitumia fomula ya bila kurudisha, ile 1 inazidishwa kwa 1 − 16/40, yaani 0.6. Kipeuo cha pili cha 0.6 ni karibu 0.775, na kosa sanifu la jumla linakuwa kilo 31. Kwa sampuli ya 16, jedwali la t linatupa 2.13 kama kizidisho cha uhakika wa asilimia 95. Fomula ya kwanza basi inamwambia mnunuzi atarajie kati ya kilo 275 na 445. Ya pili inamwambia kati ya kilo 294 na 426. Ndoo ya lita 20 huingia kilo 28 hivi za asali. Upana uliopungua kati ya majibu hayo mawili, kilo 38, ni zaidi ya ndoo nzima.

Ukitaka kuuona mantiki wa jibu la pili bila fomula yoyote, tazama zile kilo 144. Ziko kwenye ndoo tayari, zimepimwa, hakuna anayezibahatisha. Kinachobahatishwa ni asali ya mizinga 24 ambayo haijaguswa. Fomula ya kurudisha inafanya kana kwamba yote 40 bado ni fumbo, na kwamba ile 16 iliyorinwa imekwenda kujiunga tena na nyingine porini. Kipunguzo cha 0.6 ni 24 kwa 40, sehemu ya kundi ambayo bado hatujaiona, basi. Na kwa kuwa mizinga haipati asali mpya kwa usiku mmoja, katika kazi hii kutorudisha ndiko kunakofuata hali halisi ya mambo.

Faida yake inaweza kupimwa kwa jasho pia. Ili kupata kosa la kilo 31 kwa njia ya kurudisha, katibu angehitaji kuchomoa mara 27 badala ya 16.

Namna ya kupiga kura inahitaji uangalifu siku hizi ambapo vikaratasi vimeachwa na watu wanatumia kompyuta. Ukiandika `=RANDBETWEEN(1,40)` kwenye seli 16 za jedwali la Ekseli, umechomoa kwa kurudisha, utake usitake. Kila seli inachagua bila kujua seli nyingine imechagua nini. Uwezekano wa kupata angalau namba moja iliyojirudia katika seli hizo 16 ni asilimia 97, na kwa wastani utaishia na mizinga tofauti 13 tu. Wengi wakiona marudio huyafuta na kuchomoa nyingine hadi zitimie 16 tofauti. Hilo ni sahihi kabisa, nalo linaigeuza kura kuwa ya bila kurudisha. Kisichofaa ni kuziacha namba zilizojirudia kisha kutumia kipunguzo, maana hapo utakuwa umelitaja kosa kuwa dogo kuliko lilivyo. Wanaotumia R wanapata chaguo waziwazi, nayo yenyewe hairudishi mpaka uiagize:

```r
sample(1:40, 16)
sample(1:40, 16, replace = TRUE)
```

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vitabu vingi vya mwanzo vinatoa σ²/n tu na kunyamaza. Ni kwa sababu kundi likiwa kubwa kipunguzo kinakaribia 1. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar. Ukichagua watu 2,000 kwa kura huru kutoka Zanzibar, umechukua kama mtu mmoja kati ya kila 945, na kipunguzo kinaondoa kwenye kosa sanifu chini ya sehemu moja ya elfu. Ukichagua 2,000 kutoka nchi nzima, kinaondoa pungufu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kama watu wa pande zote wanatofautiana kwa kiasi kilekile, sampuli hizo mbili zina usahihi uleule, ingawa kundi moja ni zaidi ya mara 30 ya jingine. Watu wengi hawaliamini jambo hili mara ya kwanza. Lakini usahihi unatokana na n, na N inaingia tu pale n inapokuwa kipande cha kuonekana cha N. Kwa kawaida watu huanza kukijali kipunguzo sampuli inapozidi asilimia 5 ya kundi. Katika asilimia 5 kamili, kosa sanifu linapungua kwa asilimia 2.5 tu.

Lipo kundi moja la watu Afrika Mashariki wanaoitumia fomula ya kundi dogo kila mwaka bila kujua, nao ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaoandika tasnifu. Sura ya tatu ya tasnifu nyingi ina fomula ya Taro Yamane, kutoka kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967:

n = N / (1 + N e²)

Mwanafunzi ana wafanyakazi 200 katika halmashauri, anataka kosa lisizidi asilimia 5, anaweka e = 0.05. Chini anapata 1 jumlisha 0.5, na 200 kwa 1.5 ni 133. Anagawa hojaji 133.

Fomula hiyo imetoka wapi? Kwa swali la ndiyo au hapana, varianzi kubwa inayowezekana ni 0.25. Ukiuchukua uhakika wa asilimia 95 kama makosa sanifu mawili, kura ya kurudisha ingehitaji watu 400, yaani 1 kwa e². Hiyo ni mara mbili ya wafanyakazi wote waliopo! Ndipo kipunguzo kinaingia na kuishusha 400 hadi 133. Fomula ya Yamane, kwa maneno mengine, ni ile fomula ya bila kurudisha iliyogeuzwa ili kutafuta n. Inamaanisha kwamba mwanafunzi ameazima punguzo la kundi dogo ili apunguze kazi ya kugawa hojaji.

Kisha anafika sura ya nne, anaingiza data kwenye programu ya takwimu, na programu inamkokotolea kosa sanifu kwa s²/n, kwa sababu haijaambiwa kwamba kundi zima lina watu 200. Kama nusu wamejibu ndiyo, kosa sanifu linalotoka ni 0.043, na mipaka ya kosa ni asilimia 8.7 juu na chini. Mwanafunzi aliahidi asilimia 5 katika sura ya tatu na sasa anaripoti karibu asilimia 9, na huenda msimamizi naye asilione hilo. Dawa yake ni kulizidisha kosa sanifu kwa kipeuo cha pili cha 1 − 133/200. Kipeuo hicho ni 0.58, na mipaka inarudi kwenye asilimia 5 kamili. Programu nyingi za uchambuzi wa sampuli zina mahali pa kuingiza N, na anayekosa mahali hapo anaweza kuzidisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Lakini n inayoingia kwenye kipunguzo ni ya watu waliojibu, si ya waliogawiwa. Hojaji 133 zikitoka na zikirudi 90, kipunguzo ni 1 − 90/200. Na hata hicho kinadai kwamba waliokaa kimya hawana tofauti na waliojibu, jambo ambalo hakuna fomula kati ya hizi mbili inayoweza kulithibitisha. Kipunguzo kinaondoa kosa la kura tu. Mizani mbovu inayopunguza nusu kilo kila mzinga itaendelea kupunguza nusu kilo hata ukirina yote 40, na fomula itakuambia kosa ni sifuri.

Kuna kazi ambazo kipunguzo hakifai kabisa hata kama sampuli imekula kundi lote, na hapa ndipo nadhani makosa mabaya zaidi hutokea, kwa sababu hesabu yenyewe huwa haina dosari. Tuseme mizinga 20 ya kikundi ni ya magogo na 20 ni ya masanduku, na wanachama wamerina yote 40. Wakitaka kujua mwaka huu aina ipi imetoa asali zaidi kikundini kwao, jibu liko kwenye mizani, halina kosa la kura. Lakini kama wanataka kujua ni aina ipi wanunue mwakani, wanauliza kuhusu mizinga ambayo haijatundikwa bado na misimu ambayo haijafika. Kundi la swali hilo halina mwisho unaojulikana, na mizinga 20 ya kila aina ni sehemu ndogo mno ya kundi hilo. Wakitumia kipunguzo watapata kosa la sifuri, na tofauti yoyote ya gramu chache kati ya aina hizo mbili itaonekana kama ukweli wa kudumu. Hapo wanapaswa kutumia s²/n kwa kila aina, kwa ukubwa wake wote, kana kwamba kila mzinga ulichomolewa kikapuni na kurudishwa.

Kabla ya kuamua, muulize aliyekuletea data swali moja: je, kama ungeweza kuwapima wote bila kubakiza hata mmoja, swali lako lingekuwa limekwisha? Akisema ndiyo, kama mnunuzi anayetaka kujua kilo za wiki ijayo, mpe 1 − n/N. Akisema hapana, kama mwanachama anayefikiria mizinga ya mwakani, mwachie kosa lake zima.